Mistari Minne kwa Nyanya

Katika Nakuru nzima ya mwaka wa hamsini na tano hakukuwa na mtu aliyejua kufupisha maneno kama Mwalimu Wariara. Ungempa barua ya kurasa mbili, akakurudishia imekaa juu ya ukucha. Sababu yenyewe ni kwamba maneno marefu yalimshinda hata yeye. Shule aliiachia darasa la nne, na neno likizidi silabi tano alilitazama kama mgeni aliyekuja na sanduku kubwa: huyu amekuja kukaa siku ngapi?

Kwa watoto wa nasari hicho hakikuwa kilema hata kidogo. Walikuwa thelathini na mmoja, wa miaka mitano na sita, wa kila kabila lililoajiriwa mjini, wakikaa juu ya mikeka ndani ya ukumbi wa lokesheni. Wariara aliwafundisha ma-me-mi-mo-mu, akawapangusa makamasi, na mwisho wa mwezi akatiwa sahihi kwenye pasibuku yake, kile kitabu cha kibali. Sahihi hiyo ndiyo iliyokuwa mshahara hasa. Siku hizo za Emajensi, yaani hali ya hatari, Mkikuyu asiye na sahihi ya mwajiri alipakiwa kwenye lori na kupelekwa rizavu, kwenye ardhi iliyotengewa kabila lake, na asiyeeleweka alipelekwa mbali kuliko rizavu. Mumewe, Ndung'u, aliyepima magunia ya pareto kwenye stoo karibu na reli, alikuwa na sahihi yake pia. Kwa sahihi mbili hizo, wao na mtoto wao mmoja waliishi katika chumba kimoja na kujiona watu.

Mtoto mwenyewe aliitwa Gachanja. Hakuchaguliwa jina hilo. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza hachaguliwi jina, huzaliwa nalo, maana ni la babu mzaa baba. Bahati mbaya, babu huyo mzaa baba, Mzee Gachanja, aliaga nyumbani Nyeri mwaka wa hamsini na tatu akisema anaenda kumtafuta mbuzi, na hadi sasa hakuwa ameonekana, yeye wala mbuzi. Serikali ilisema yuko msituni na waasi. Ndung'u aliulizwa habari zake mara nne, na mara nne akajibu kwamba hajui, na hakika alikuwa hajui.

*

Habari ya kadi ililetwa na Memsabu, mama wa kizungu wa kamati ya lokesheni, Jumatatu moja ya Novemba, na gari lake likiwa bado linanguruma nje. Alitaka kila mtoto aandikie nyanya na babu kadi ya kufunga mwaka, kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswahili ili wote waandike maneno yale yale. Alileta karatasi thelathini za manila na boksi moja la rangi za nta. Yeye angezipeleka posta. Maneno alikuwa nayo tayari: "Tunawapenda sana nyanya na babu wetu wapendwa."

Wariara aliyatazama yale maneno na mgongo ukamuuma kwa niaba ya watoto. Akasema, kwa heshima zote, kwamba mstari huo utamfikisha mtoto ukingoni mwa kadi akiwa bado kwenye "sana". Tena, mama, nyanya wa huku akitumiwa barua ya kumwambia anapendwa, atauliza ni nani amekufa.

Memsabu alicheka kidogo, akasema basi mwalimu atunge yake, ila ifike posta Jumatano ya wiki ijayo.

Wariara akaitunga usiku huo huku akimenya maharagwe, na hiyo kazi si ya mchezo kama unavyodhani. Kwanza alihesabu herufi ambazo darasa lilikuwa limezimaliza. Akatupa kila neno lenye "dh" na "gh". Kisha akaweka sharti lake mwenyewe: neno moja lisizidi pumzi moja ya mtoto, na mstari mmoja usizidi maneno matatu, kwa sababu mtoto akiinua macho kutoka kwenye kadi kwenda ubaoni na kurudi, anakumbuka maneno matatu tu na la nne analibuni. Mwisho, na hili ndilo aliloliona yeye peke yake, lazima pawe na kitu kinachochoreka. Nyanya wengi hawakujua kusoma. Barua ingesomwa na mtu mwingine na kuondoka naye. Picha ingebaki ukutani.

Asubuhi akaandika ubaoni:

Nyanya na babu,
mimi ni mzima.
Ninasoma.
Nitakuja. Weka kiazi.

Aliizungushia fremu ya chaki, akasimama nyuma, akaipenda. Mtoto gani hawezi kuchora kiazi? Na nyanya gani, kutoka Molo hadi Maragoli, hajui mjukuu anataka nini akisema awekewe kiazi?

Siku tatu za kwanza waliandika kwenye sleti tu, wakifuta kwa mkono na mate. "Nitakuja" ilivunjwa vipande vinne, ni-ta-ku-ja, na kuimbwa kwa makofi. "Ny" ya nyanya ilipewa asubuhi nzima. "Z" ya mzima na ya kiazi iligeuka nyuma kwa watoto kumi na mmoja, na Wariara akawaambia z ni mtu anayekimbia kuelekea mlangoni, wala asikimbilie ukutani. Baina ya neno na neno mtoto aliweka kidole chake cha shahada, na ndipo neno la pili lilipopata ruhusa kuanza. Waliokuwa nyuma sana aliwawekea herufi za vitone kwa penseli, wavipitie juu. Kila kadi iliwekwa doa jekundu kwenye kona ya kushoto, la kuonyesha pa kuanzia, maana wapo wawili waliokuwa wakianzia kulia kama wanarudi nyumbani.

Chepkorir, ambaye babu yake alikuwa marehemu, aliruhusiwa kuacha "na babu" na akaona amepewa likizo.

Kupamba kulikuja mwisho, na kwa sababu. Mtoto akipewa rangi kwanza, jua lake hujaa karatasi yote na maneno hukosa pa kulala. Kwa hiyo maneno kwanza, kisha yakauke, kisha viazi. Wariara alikata viazi nusu, akachonga nyota na jani kwenye nyama yake, watoto wakachovya kwenye maji ya biti-ruti na ya maganda ya kitunguu, wakagonga pambizoni taratibu kama karani agongaye muhuri. Mburu aligonga mara tatu kisha akala muhuri wake.

Sasa, manila zilikuwa thelathini na watoto ni thelathini na mmoja. Hesabu hiyo haikumsumbua mtu isipokuwa mwalimu, na mwalimu akaimaliza kama walimu wote wenye watoto darasani wanavyoimaliza: akamnyima wake. Gachanja aliandikia kwenye kifuniko cha sanduku la viatu, kilichonyooshwa na kupigwa pasi. Kilikuwa kikubwa mara mbili ya manila. Alipomaliza mistari yake minne na jina lake, nusu ya kadi ilikuwa bado nyeupe ikimtazama. Naye akatazama ubaoni aone kama kuna kingine.

Kilikuwepo. Nje ya fremu, kwenye kona, Wariara alikuwa amejiandikia mambo ya sherehe ya kufunga shule, ya kuwaambia wazazi: *Lete kikombe. Ijumaa saa kumi.* Gachanja akayaandika yote, polepole, kidole kwa kidole, k na j zikiwa zimesimama sawasawa.

Wariara aliiona. Hilo ni lazima lisemwe. Jumatano ile gari la Memsabu lilikuwa likipiga honi nje, yeye akipanga kadi kwenye kapu, akaiona ya mwanawe ikisema:

Nyanya na babu, mimi ni mzima. Ninasoma. Nitakuja. Weka kiazi. Gachanja. Lete kikombe. Ijumaa saa kumi.

Alijua inafaa abaki nayo. Lakini angalia mwandiko huo. Darasani hapakuwa na mwingine uliosimama vile, na mama mkwe wake alikuwa amewahi kusema mbele ya watu kwamba Ndung'u alioa mwanamke wa kuandika kwa mguu. Wariara akacheka peke yake, akaitia kwenye kapu, tena juu kabisa.

*

Jumatatu iliyofuata, saa nne, Wachuka wa chumba cha pili alikuja ukumbini na kitambaa kikiwa kimemwanguka kichwani. Alimwita Wariara mlangoni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Baba Gachanja amechukuliwa stoo, mbele ya magunia, yuko ndani ya seng'enge kule ofisi ya serikali.

Kabla Wariara hajauliza ni kwa nini, majibu yalikuwa yamefika na askari wawili na mkalimani wao, Kiprugut. Kiprugut alikuwa Mkalenjin aliyekulia shamba la mzungu karibu na Molo, kati ya watoto wa Kikuyu, na alikizungumza Kikikuyu kuwashinda Wakikuyu wa mjini. Binti yake, Jeruto, alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele wakati huo huo, akimpungia baba mkono. Baba hakupunga.

Walichukua sleti zote. Walichukua viazi vya mihuri, vimekauka na kujikunja, wakavifunga kwenye karatasi kama vidole vya mtu. Wakaenda chumbani wakaligeuza godoro, wakamwaga unga. Wakati askari wakikoroga unga kwa fimbo, Kiprugut alisimama karibu na Wariara akamwambia bila kumtazama.

"Mwalimu, wewe umeniweka pabaya."

"Nimefanya nini, Baba Jeruto?"

"Barua za kwenda rizavu zinafunguliwa posta, unajua. Wamefungua ya kwenu. Gachanja anamwambia mke wake atakuja, aweke chakula, alete kikombe, Ijumaa saa kumi. Gachanja ambaye wanamtafuta miaka miwili."

Wariara alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alijaribu kusema kwamba Gachanja huyo ana miaka sita na meno mawili ya mbele hana.

"Hiyo mimi najua," alisema Kiprugut. "Mimi nimekula nyumba za Wakikuyu. Lakini yule bwana amefungua zingine thelathini, na zote zinasema nitakuja, weka kiazi. Zimetumwa siku moja, maneno moja, kwa wazee wa kila mahali. Anasema hiyo ni amri. Anasema maandishi ya mtoto ni ujanja. Na moja ilikuwa ya kwenda Sachangwan kwa mama yangu, ambaye hana macho. Jana nimeulizwa kama mama yangu anapika chakula cha watu wa msitu."

Alisema maneno hayo kwa uchungu wa mtu aliyetukanwa, kisha akaliweka godoro mahali pake kwa mguu. Lori, alisema, linaondoka Alhamisi asubuhi. Ndung'u kwenda kambini. Mke na mtoto kwenda rizavu. Pasibuku ya mwalimu iletwe ofisini.

Walipoondoka, Wariara alimwita mwanawe. Hakumpiga. Alimkalisha chini, akachora fremu ardhini kwa kijiti, na kwa adhuhuri nzima akamfundisha jambo moja: kilicho ndani ya fremu ni chako, kilicho nje si chako hata kikiwa sukari. Mtoto aliandika, akaulizwa, akaandika tena. Ilipofika jioni ungeweza kuandika nje ya fremu jina la Mwokozi naye asiliguse. Hata Wachuka aliyekuwa akichota unga sakafuni alisema huyo sasa amenyooka.

*

Jumanne Wariara alivaa gauni lake la kanisani akaenda ofisini. Alikaa kwenye foleni ya wanawake tangu saa moja, wamechuchumaa kwenye kokoto kwa amri, kwa sababu askari wa zamu hakupenda kuona kichwa cha mwanamke kikiwa juu ya kiuno chake. Kupitia seng'enge alimwona Ndung'u akiwa hana viatu. Ndung'u alimwona pia akageuza uso, si kwa hasira, ni kwa ajili ya kuonekana bila mshipi.

Gari la Memsabu lilipita pale saa tatu. Wariara alisimama, akasukumwa akae, akasimama tena. Memsabu aliteremsha kioo, akasema amesikitika sana, ameandika barua, lakini hawezi kusema kwamba maneno yale yalikuwa yake. Yeye alikuwa ametaka "Tunawapenda". Akapandisha kioo.

Afisa alikuwa kijana wa kizungu mwenye masikio mekundu. Askari walimwita Bwana Tayari, kwa sababu kila sentensi yake ya Kiswahili aliifunga kwa neno hilo kama mtu afungaye mlango. Kadi zote thelathini na moja zilikuwa mezani mwake, na ya Gachanja imewekwa katikati, jinsi picha ya bwana arusi inavyowekwa.

"Kikombe nini?" aliuliza. "Kikombe ni bunduki? Sema, tayari."

"Kikombe ni kikombe, bwana. Cha chai. Watoto wana sherehe ya kufunga shule."

"Mtoto andika hii? Nani nasema yeye andika?"

Hapo Wariara akaeleza, akisaidiwa na Kiprugut kila alipokwama. Akaeleza ubao, fremu, na kona. Akasema mtoto wa umri huo hasomi, bwana, ananakili. Hajui lipi ni barua na lipi ni ubao. Ukiacha nzi atembee ubaoni, atamwandika nzi. Akaeleza kuhusu manila iliyopungua na kifuniko cha viatu, na jina la babu. Afisa alimtazama Kiprugut, Kiprugut akakubali kwa kichwa kwamba majina huenda hivyo.

Bwana Tayari aligeuza kadi juu chini. Kidole chake kilipita juu ya nyota ya biti-ruti. Akasema hadithi ni nzuri, lakini kila mtu ndani ya seng'enge ana hadithi nzuri.

"Basi njoo uone," Wariara akasema, na neno lilikuwa limeshatoka. "Njoo darasani, bwana. Andika wewe mwenyewe ubaoni, kwa mkono wako. Weka maneno nje ya fremu. Utaona kama hataandika yote."

Afisa alifikiri. Kesho, saa tatu. Mtoto akiandika yote, mume atatoka na pasibuku itatiwa sahihi. Akiandika mistari minne tu, basi mwalimu ni mwongo na lori lina nafasi. Tayari.

Wariara alifika karibu na soko akitembea kama mtu aliyetua mzigo, ndipo akakumbuka alichomfundisha mtoto jana. Alisimama katikati ya njia. Mwenye baiskeli alimpigia kengele akamtukana, naye hakusikia.

*

Jioni hiyo alijaribu kumrudisha mtoto alikotoka. Alichora fremu, akaandika nje yake neno "mbuzi", akampa penseli. Gachanja akaandika ya ndani, akaweka penseli chini, akamtazama mama yake kwa macho ya ushindi.

"Na hiyo nyingine, baba?" Alimwita hivyo kila mara, kwa heshima ya jina la mkwewe.

"Si yangu."

"Leo unaweza."

"Hata ikiwa sukari," akasema mtoto.

Wachuka alimshauri wamwache. Mtoto ni mtoto, atasahau akilala. Mbona hakumbuki kunawa? Ukimfunza uongo usiku, asubuhi atautapika mbele ya watu. Wariara alisema ni kweli, akalala na shauri hilo. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, akimfunga vifungo vya shati, alipiga magoti mbele yake akamshika mabega. Akamwambia leo atakuja mzungu kuandika ubaoni, na leo tu, mwandiko wote ni wake, ndani na nje. Aandike kila kitu. Asiseme lolote. Mtoto alikubali upesi mno, kama anayekubali kunywa dawa.

Saa tatu kamili Bwana Tayari aliingia ukumbini akainama mlangoni, ingawa mlango ulikuwa mrefu. Kiprugut alimfuata na kapu la sleti. Watoto thelathini na mmoja walisimama wakaimba habari ya asubuhi kwa sauti ya kutoboa bati. Afisa alisema "tayari", wakakaa, wakagawiwa sleti zao.

Alimgeukia Wariara kwanza. Alitaka kujua kama mtoto ameambiwa chochote juu ya jambo hili.

"Hapana, bwana."

"Jana? Leo asubuhi?"

"Hapana. Hata mimi sikulala nikijua la kumwambia." Nusu yake ya pili ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomsaidia kuisema ya kwanza bila kumeza mate.

Afisa alichukua chaki. Mwandiko wake ulikuwa mbaya, umelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe, na Wariara alilazimika kufumba midomo asimsahihishe z. Aliandika mistari minne. Akachora fremu. Nje ya fremu, chini kabisa, akaandika *Punda kula kofia.* Kisha akasimama nyuma ya Gachanja na mikono mgongoni.

Ukumbi ulibaki na sauti ya penseli za mawe zikikwaruza tu. Jeruto alimaliza mistari yake minne akakunja mikono. Alikuwa mtoto wa kufuata sheria. Kiprugut aliitazama sleti ya bintiye, kisha akatazama dirisha. Chepkorir aliacha "na babu" kama kawaida yake. Mburu alikuwa ameandika punda peke yake, kwa sababu ndiye aliyempendeza.

Gachanja aliandika "Nyanya". Aliweka kidole. Aliandika "na". Wariara alikuwa amesimama karibu na ubao, mikono imeshikana mbele, na kila Gachanja alipoweka kidole yeye alishusha pumzi. "Mimi ni mzima." Kidole. "Ninasoma." Penseli ilivunjika ncha, mtoto akaisugua sakafuni taratibu, wala hakuwa na haraka ya mtu yeyote. "Nitakuja. Weka kiazi." Halafu akaandika jina lake, herufi nane, akaweka penseli chini.

Bwana Tayari akashusha mikono.

Wariara hakusogea. Alitazama ukuta wa mbele, mahali ambapo hapakuwa na kitu, na akaona lori.

Mtoto aliinua kichwa akatazama ubao. Alimtazama mama yake. Akaitazama nafasi iliyobaki kwenye sleti, ndogo, ya mistari miwili tu. Kisha akaichukua penseli tena, akalaza shavu karibu na sleti, na herufi kwa herufi akaandika kwamba punda kula kofia, akakaza nukta ya mwisho mpaka ikalia.

Afisa alicheka. Kilikuwa kicheko cha kijana, cha kushtukiza, na masikio yake yakazidi kuwa mekundu. Aliiinua sleti akamwonyesha Kiprugut, punda, tazama, punda kula kofia, na Kiprugut akacheka pia kwa kiasi cha cheo chake. Watoto wakacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Afisa aliketi kwenye kiti cha mwalimu, magoti yakimfika kidevuni, akatia sahihi pasibuku ya Wariara, akaandika kipande cha karatasi cha kumtoa Ndung'u ndani ya seng'enge. Akakipuliza wino ukauke. Akanyoosha mkono kumpa.

Wariara alikishika kwa upande wake kwa mikono miwili, jinsi inavyopasa.

Ndipo Gachanja, aliyekuwa amenyamaza asubuhi nzima kama alivyoagizwa, akaona kazi imekwisha na agizo nalo limekwisha. Akasema kwa sauti ya wazi, kwa Kikikuyu, "Mama, nimeandika yote, hata ya nje, kama ulivyoniambia asubuhi."

Karatasi ikasimama hewani, mwisho mmoja kwa afisa, mwisho mmoja kwa mwalimu.

"Toto nasema nini?" aliuliza Bwana Tayari.

Kiprugut alikuwa akipanga sleti ndani ya kapu. Aliipanga moja zaidi, ya Jeruto, akainuka, akasimama wima.

"Anaomba ruhusa, bwana. Ameshikwa na mkojo."

Uso wa afisa ulilainika. Alikuwa, baada ya yote, mtu aliyewahi kukaa darasani. Bila kuiachilia karatasi aliinama kuelekea kwa mtoto, akamwambia kwa Kiswahili chake, polepole ili aelewe, "Toto, kwenda kojoa. Hapana ogopa. Tayari."

Gachanja alimtazama mzungu, kisha Baba Jeruto, kisha tena mzungu, akajibu kwa Kiswahili safi alichofundishwa na mama yake, maneno mafupi, yenye nafasi ya kidole katikati.

"Mimi sina mkojo. Sijaomba."

Bwana Tayari akanyanyua kichwa, na macho yake hayakwenda kwa mwalimu. Yalikwenda kwa Kiprugut, aliyekuwa bado amesimama wima na kapu la sleti mkononi, akitabasamu tabasamu ambalo hakuwa tena na mahali pa kulipeleka.